Mikate 96 kwa Siku: Mzunguko wa Panga, Tenda, Kagua, Rekebisha Ndani ya Kiwanda cha Mikate

Mzunguko wa panga, tenda, kagua, rekebisha ni utaratibu wa kuboresha kazi kwa majaribio madogo yanayofuatana. Katika kupanga, mhusika huchagua tatizo moja, hulipima, hutafuta chanzo chake, kisha huandika atakachobadilisha na matokeo anayoyatarajia. Katika kutenda, hujaribu badiliko hilo kwa kiwango kidogo. Katika kukagua, huweka matokeo yaliyopatikana kando ya yale yaliyotarajiwa na kutazama yanapoachana. Katika kurekebisha, huamua: badiliko liwe kanuni ya kazi, libadilishwe, au liachwe kabisa. Uamuzi huo ndio unaofungua mzunguko unaofuata.

Chimbuko lake ni kazi ya Walter Shewhart, mwanafizikia Mmarekani aliyekuwa akishughulikia ubora wa vifaa vya simu. Mwaka 1924 alichora chati ya kwanza ya kutofautisha mabadiliko ya kawaida ya kazi na mabadiliko yenye sababu maalumu. Katika kitabu chake cha mwaka 1939 alieleza kwamba kuweka viwango, kuzalisha na kukagua visitazamwe kama mstari wenye mwanzo na mwisho, bali kama duara. Mmarekani mwingine, Edwards Deming, alifundisha mawazo hayo kwa wahandisi na wakuu wa viwanda nchini Japani mwaka 1950, na Wajapani ndio walioyapa umbo la hatua nne linalojulikana leo. Deming mwenyewe baadaye alipendelea hatua ya tatu iitwe kujifunza badala ya kukagua, kwa sababu kukagua kunaweza kueleweka kuwa ni kutazama tu kama agizo limetimizwa. Tofauti hiyo ya neno moja ina uzito mkubwa, kama mfano ufuatao utakavyoonyesha.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya maelezo, na hesabu zake za mikate ni za mfano. Kanuni za joto, barafu na chati zilizomo ndizo zinazotumika katika kazi halisi. Kiwanda ni kidogo, katika mji wa pwani wenye joto kama Tanga. Kila usiku huoka mikate 1,200 ya gramu 500, katika awamu nane za kukanda. Kila awamu hutumia gunia moja la unga la kilo 50 na kilo 29 za maji, pamoja na sukari, mafuta, chumvi na hamira, na hutoa mikate 150. Mhusika mkuu ni msimamizi wa zamu ya usiku, ambaye mwezi Januari amepewa kazi ya kupunguza mikate inayopotea kila siku.

Kuhesabu kabla ya kubadilisha

Jambo la kwanza ni kukubaliana mkate uliopotea ni upi. Bila makubaliano hayo, mtu mmoja atahesabu mikate iliyoungua tu, mwingine ataongeza iliyobonyea, na wa tatu hataikumbuka inayorudi kutoka madukani. Msimamizi anaweka maana moja: mkate uliopotea ni ule uliokandwa lakini haukuuzwa kwa bei kamili. Kando ya tanuri, kando ya mashine ya kukatia slesi na kwenye mlango wa kupakilia magari, zinatundikwa karatasi zenye safu za sababu. Anayeondoa mkate huchora mstari mmoja katika safu inayohusika na kuandika namba ya awamu.

Siku nne za mwanzo hesabu zinatoka ndogo kuliko ilivyotazamiwa. Sababu inajulikana haraka: mikate iliyoharibika ilikuwa ikiliwa au kubebwa nyumbani bila kuandikwa, na baadhi ya wafanyakazi wanahofia kukatwa mshahara kwa kila mstari wanaouchora. Hapo kuna kikwazo kinachoua mizunguko mingi kabla haijaanza. Takwimu zinazoweza kumwadhibu anayeziandika hazitakuwa za kweli. Msimamizi anakubaliana na mwenye kiwanda kwamba hakuna atakayelipishwa mkate uliorekodiwa, kwamba mikate iliyobonyea itaendelea kugawiwa wafanyakazi baada ya kuhesabiwa, na hesabu inaanza upya.

Baada ya siku 14 wastani ni mikate 96 iliyopotea kwa siku, yaani asilimia 8 ya yote iliyookwa. Mikate 41 ni marejesho kutoka madukani. Mikate 27 imeporomoka, yaani iliumuka kupita kiasi ikashuka katikati na kubaki na mgongo uliobonyea. Mikate 16 imepondeka au kuchanika kwenye mashine ya kukatia. Saba imeungua au kubaki mbichi ndani, na mitano ina sababu nyinginezo.

Hesabu hizo zina jambo jingine la kusoma. Siku moja hasara ilikuwa mikate 78, siku nyingine 115. Kabla ya hapo, mwenye kiwanda alikuwa akisifu zamu siku ya hasara ndogo na kuifokea siku ya hasara kubwa, ingawa siku zote mbili kazi ilifanywa kwa namna ile ile. Hapa ndipo chati ya Shewhart inapohitajika. Msimamizi anachukua tofauti kati ya kila siku na siku iliyofuata, anatafuta wastani wa tofauti hizo na kupata mikate 10. Wastani huo huzidishwa kwa 2.66, namba maalumu ya chati za aina hii, na jibu huwa karibu 27. Akiitoa 27 kutoka 96 na kisha kuijumlisha na 96, anapata mipaka miwili: 69 na 123. Siku yoyote iliyo kati ya mipaka hiyo haina habari mpya peke yake. Ni mtikisiko wa kawaida wa kazi ilivyo sasa, na kuupunguza kunahitaji kubadilisha kazi yenyewe. Siku iliyotoka nje ya mipaka ina sababu yake ya pekee, kwa mfano umeme kukatika. Dalili nyingine ya badiliko la kweli ni siku nane mfululizo kukaa upande mmoja wa mstari wa wastani.

Kutafuta chanzo cha mikate iliyoporomoka

Marejesho ndiyo fungu kubwa kuliko yote, lakini yanahusu madereva wauzaji na wenye maduka, watu ambao msimamizi wa zamu ya usiku hawasimamii. Fungu la pili liko mikononi mwake. Kwa mzunguko wa kwanza anachagua mikate iliyoporomoka, kwa sababu ni mingi na pia anaweza kuigusa.

Waokaji wana maelezo tayari: hamira ya siku hizi ni kali. Maelezo hayo yangeweza kuwa ya kweli, lakini karatasi zinasema vingine. Kati ya mikate 27, mikate 19 inatoka katika awamu tatu za kwanza, na minane tu katika awamu tano zinazofuata. Hamira ni ile ile usiku kucha. Kilicho tofauti lazima kiwe kitu kinachobadilika kati ya saa 2 usiku, kazi inapoanza, na saa 4.

Msimamizi anaazima kipimajoto cha sindano na kupima donge kila linapotoka kwenye mashine ya kukandia. Katika awamu tatu za kwanza donge lina nyuzi 33 za Selsiasi. Katika awamu za baadaye lina nyuzi 29. Hamira hufanya kazi kwa kasi zaidi kadiri donge linavyopata joto, kwa hiyo donge la nyuzi 33 huwa limejaa gesi na kulegea kabla zamu yake ya kuingia tanurini haijafika. Joto hilo linatoka wapi? Unga ni wa nyuzi 30 na chumba ni cha nyuzi 30. Maji ndiyo yenye nyuzi 34, kwa sababu yanatoka kwenye tangi jeusi la plastiki lililopigwa na jua mchana kutwa juu ya paa. Kadiri usiku unavyokwenda, tangi hujazwa maji mapya ya bomba na joto lake hushuka.

Mpango wenye utabiri

Waokaji wana kanuni ya kukadiria joto la maji. Huchukua joto la donge wanalolitaka, hulizidisha kwa 3, kisha hutoa joto la unga, joto la chumba na joto linaloongezwa na msuguano wa mashine. Msuguano wa kila mashine hupatikana kwa vipimo vya awali. Hapa donge lilitoka na nyuzi 33. 33 mara 3 ni 99, na ukitoa 30 za unga, 30 za chumba na 34 za maji, zinabaki 5. Hiyo ndiyo sehemu ya mashine. Msimamizi akitaka donge la nyuzi 28, hesabu yake ni hii:

```
joto la maji = 3 × 28 − (30 + 30 + 5) = 19
```

Maji ya nyuzi 34 yatashushwa hadi 19 kwa barafu. Kilo moja ya barafu, ili iyeyuke tu, hunyonya joto ambalo lingetosha kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi 80. Ndiyo maana kanuni ya barafu ina namba hiyo ndani yake:

```
barafu = 29 × (34 − 19) ÷ (34 + 80) = kilo 3.8
```

Kwa hiyo kila awamu itapata kilo 3.8 za barafu na kilo 25.2 za maji ya tangi, jumla ikibaki kilo 29.

Mpango unaandikwa kwenye karatasi moja, na sehemu yake yenye thamani kubwa ni utabiri. Msimamizi anaandika kwamba ikiwa maji ya moto ndiyo chanzo, donge la awamu tatu za kwanza litafika nyuzi 28, na mikate inayoporomoka katika awamu hizo itashuka kutoka 19 hadi chini ya 8 kwa usiku. Anaongeza kwamba awamu tano za baadaye, ambazo hazitawekewa barafu, zitabaki na karibu mikate minane. Sentensi hiyo ya mwisho ni kinga. Kama hali ya hewa itapoa au hamira itabadilishwa katikati ya jaribio, awamu zote nane zitaguswa pamoja, na haitadhaniwa kwamba barafu ndiyo iliyofanya kazi.

Mpango usio na utabiri hauwezi kukaguliwa. Ukiandikwa tu kwamba barafu itumike ili kupunguza hasara, upungufu wowote utaitwa mafanikio, hata ule uliokuja wenyewe.

Kutenda kwa kiwango kidogo

Jaribio linaanza mwezi Februari kwa awamu ya pili peke yake, kwa wiki moja. Ya kwanza inaachwa makusudi, kwa kuwa hufika wakati tanuri bado linapashwa na hivyo ina mambo mawili kwa mpigo. Kuanza na awamu moja kuna faida ya wazi: kama barafu itaharibu kitu, itaharibu mikate 150 tu.

Nayo inaharibu. Usiku wa kwanza mkandaji anaweka kilo 29 za maji kama alivyozoea, kisha anaongeza barafu juu yake. Donge linakuwa la majimaji na kung'ang'ania mashine. Usiku wa pili barafu inapimwa kama sehemu ya maji, lakini inatiwa kwa mapande makubwa. Baadhi hayayeyuki kwa wakati, na mikate kadhaa inatoka na mashimo yenye unyevu. Kuanzia usiku wa tatu barafu inapondwa na kukorogwa ndani ya ndoo ya maji, na kipimajoto kinaonyesha nyuzi 19 kabla ya unga kumiminwa.

Makosa hayo yanaandikwa. Kama yasingeandikwa, wastani wa wiki ungechanganya usiku mbili za kujifunza na usiku za barafu iliyotumika ipasavyo, na mtu angeweza kuhitimisha kwamba barafu haisaidii. Katika usiku zilizofuata, awamu ya pili iliyokuwa ikipoteza wastani wa mikate 6 inapoteza 2. Jaribio linapanuliwa hadi awamu zote tatu kwa wiki mbili.

Kukagua: pale utabiri ulipokosea

Baada ya wiki hizo mbili, donge la awamu zote tatu lina nyuzi 28, kama ilivyotabiriwa. Awamu tano za baadaye bado zina mikate minane, kama ilivyotabiriwa. Lakini awamu tatu za kwanza kwa pamoja zinapoteza mikate 9, wakati utabiri ulikuwa chini ya 8.

Anayetafuta ushindi angesema kwamba kutoka 19 hadi 9 ni mafanikio na kufunga daftari. Hapo ndipo neno la Deming linapofaa. Swali la hatua hii ni kipi kimejulikana ambacho hakikujulikana kabla. Mikate 9 ikigawanywa kwa awamu, ya pili ina 2, ya tatu ina 2, lakini ya kwanza bado ina 5. Donge lake ni baridi kama ya wenzake, hivyo maji si chanzo tena. Msimamizi anakaa usiku mmoja akiandika saa za awamu ya kwanza. Makopo yanatoka chumba cha kuumulia yakiwa tayari, kisha yanasubiri karibu nusu saa kwa sababu tanuri halijafika joto la kuokea. Mwasha tanuri huanza kazi saa 2 usiku, saa ile ile wakandaji wanapoanza.

Mzunguko mdogo wa pili unafunguliwa mwanzoni mwa Machi. Badiliko: mwasha tanuri aingie dakika 40 mapema na atoke dakika 40 mapema. Utabiri: kusubiri kutakwisha, na awamu ya kwanza itashuka hadi mikate 2 kama jirani zake. Safari hii utabiri unatimia. Mikate inayoporomoka usiku mzima imetoka 27 hadi 14, na hasara ya siku imeshuka kutoka wastani wa 96 hadi karibu 83.

Siku moja yenye hasara ya 83 isingethibitisha lolote, kwani hata zamani siku za 78 zilikuwapo. Uthibitisho uko kwenye chati: siku nane mfululizo, na nyingine baada yake, zimekaa chini ya mstari wa 96. Wastani mpya na mipaka mipya vinachorwa kuanzia hapo.

Kurekebisha: kanuni inayostahimili majira

Katika hatua ya nne badiliko lililofanikiwa hugeuzwa kuwa utaratibu wa kila siku. Njia rahisi ingekuwa kuandika ukutani: weka kilo 3.8 za barafu. Kanuni hiyo ingefanya kazi hadi mwisho wa joto, kisha ingeanza kuleta madhara. Mwezi Juni pwani hupoa. Unga na chumba vikiwa nyuzi 26, maji yanayotakiwa ni 84 kutoa 26, 26 na 5, yaani nyuzi 27. Ikiwa maji ya tangi wakati huo ni nyuzi 28, barafu karibu haihitajiki. Kuweka kilo 3.8 kungefanya donge liwe baridi mno, liumuke polepole, na magari yachelewe.

Kwa hiyo kinachoandikwa ni lengo na namna ya kulifikia: donge litoke na nyuzi 28. Kando yake unabandikwa jedwali ambalo mkandaji husoma joto la unga na la chumba na kuona joto la maji, pamoja na jedwali la barafu. Kipimajoto kinafungwa kwa kamba karibu na mashine, na joto la donge la kila awamu huandikwa kwenye karatasi ya zamu. Mkandaji mgeni akiajiriwa, anafundishwa kwa karatasi hiyo. Bila hatua hii mazoea hurudi: wiki chache za kazi nyingi zinatosha kwa barafu kusahaulika, na hasara kurejea ilipokuwa bila mtu kujua lini ilianza kupanda.

Jaribio lililoachwa

Mwishoni mwa Machi zamu inageukia mikate 16 inayopondeka kwenye mashine ya kukatia. Sababu ya karibu inajulikana kwa kila mwokaji: mkate uliokatwa ukiwa bado moto ndani ni laini mno, visu huuburuta, na mvuke uliobaki huganda ndani ya mfuko na kukaribisha ukungu. Kipimajoto kinaonyesha kwamba mikate mingi iliyopondeka ilikatwa ikiwa na nyuzi 45 katikati, ilhali iliyokatika vizuri ilikuwa imeshuka hadi karibu nyuzi 35.

Wazo la kwanza ni kwamba kila mkate usubiri saa 2 kabla ya kukatwa. Halifiki hata kwenye jaribio, kwa sababu awamu ya mwisho hutoka tanurini saa 10 alfajiri na magari huondoka saa 11. Wazo la pili ni feni kubwa. Inajaribiwa kwa usiku tano kwenye kichanja kimoja. Mikate inapoa haraka na kupondeka kunapungua, lakini msimamizi alikuwa ameandika kwenye mpango kwamba atapima pia uzito. Mikate ya mbele ya feni inakauka ganda na baadhi inashuka chini ya gramu 500 zilizoandikwa kwenye mfuko. Kuongeza donge ili kufidia uzito kungehamisha hasara kutoka kwenye mashine ya kukatia hadi kwenye unga. Feni inaondolewa.

Jaribio hilo halikupotea bure. Katika kuandika saa za kila kichanja, inaonekana kwamba vichanja vilivyotoka mwisho husukumwa hadi karibu na mashine ya kukatia, na hukatwa kwanza kwa sababu ndivyo vinavyofikika. Vilivyotoka saa mbili kabla vimezibwa nyuma yake, vikiwa vimepoa na kusubiri. Badiliko la tatu halina gharama: kila kichanja kinaandikwa kwa chaki saa kilipotoka tanurini, njia mbili zinachorwa sakafuni, na kichanja kilichotoka kwanza hukatwa kwanza. Ni awamu ya mwisho tu inayobaki na muda mfupi, nayo inauzwa bila kukatwa kwa wateja wanaotaka mkate mzima. Utabiri ulikuwa kushuka kutoka 16 hadi 6. Mwisho wa Aprili wastani ni 5.

Marejesho, na kipimo cha kulinda

Mwezi Mei zamu ina daftari la miezi minne, na kwa daftari hilo mwenye kiwanda anakubali kuwaita madereva wauzaji wakae na msimamizi. Marejesho ni mikate 41 kwa siku. Madereva wanaandika marejesho ya kila duka kwa kila siku ya wiki, na picha inatokea upesi: kati ya maduka 60, maduka 12 yanarudisha zaidi ya nusu. Maduka hayo huagiza idadi ile ile kila siku, na kwa kuwa mkate unaorudi hauwagharimu kitu, hayana sababu ya kuagiza kwa uangalifu.

Badiliko linalojaribiwa ni kwamba maduka hayo 12 yapewe mikate kulingana na wastani wa mauzo yao ya siku hiyo hiyo katika wiki nne zilizopita, na nyongeza ndogo. Jumatatu hulinganishwa na Jumatatu. Wiki za Ramadhani haziingizwi katika wastani huo, kwa sababu ulaji wakati huo hubadilika.

Hapa kuna mtego. Marejesho yanaweza kushushwa kwa urahisi kabisa kwa kupeleka mikate michache. Hasara kwenye karatasi itapungua, na wateja watakwenda kununua mkate wa kiwanda kingine. Kwa hiyo mpango unabeba kipimo cha pili cha kulinda: idadi ya maduka yaliyoishiwa mkate kabla ya magharibi. Utabiri unaandikwa kwa vipimo vyote viwili, kwamba marejesho yatashuka chini ya 25 na maduka yanayoishiwa hayataongezeka. Mikate inayopunguzwa kwenye maduka 12 inapelekwa kwenye yale ambayo daftari linaonyesha huishiwa mapema.

Mwisho wa Juni marejesho ni 24, na maduka yanayoishiwa yamepungua kidogo. Hasara yote ya siku sasa ni mikate 14 iliyoporomoka, 5 iliyopondeka, 24 ya marejesho, 7 iliyoungua au mbichi na 5 mingineyo, jumla 55. Kutoka asilimia 8, hasara imefika karibu asilimia 4.6, na kila mkate uliopungua una maelezo yake kwenye karatasi.

Mipaka ya mzunguko

Utaratibu huu ni wa polepole kwa asili yake, kwa kuwa kila jaribio linahitaji siku za kutosha kuona tofauti kupita mtikisiko wa kawaida. Kwa hiyo haufai kwa dharura. Mkate ukianza kutoa harufu ya tunda lililooza na kuvutika nyuzi ndani, dalili za bakteria wa mkate, hakuna haja ya wiki mbili za vipimo. Uzalishaji husimamishwa, mikate iliyoathirika huondolewa na mashine na vichanja husafishwa mara moja. Mzunguko huanza baadaye, kutafuta maambukizi yaliingilia wapi.

Pia haufai kubadilisha mambo mawili kwa pamoja. Kama barafu na saa ya mwasha tanuri vingeanzishwa usiku mmoja, mikate ingepungua vile vile, lakini hakuna ambaye angejua kwamba kila kimoja kilitibu sehemu yake. Wakati wa baridi, barafu ikiondolewa, zamu isingejua cha kutarajia.

Na mzunguko hufika mahali ambapo faida ya jaribio jipya haitoshi gharama yake. Mikate saba inayoungua au kubaki mbichi inaweza kutokana na tanuri lenye joto lisilo sawa pembeni, na tiba yake ni kulijenga upya. Uamuzi huo ni wa mtaji, na uko kwa mwenye kiwanda. Msimamizi anachoweza kumpa ni hesabu ya miezi sita, yenye idadi ya mikate hiyo kwa siku na upande wa tanuri ilikotoka.